Kila Mtu na Orodha Yake: Jinsi Seva Inavyoficha Folda Zisizokuhusu

Karani mpya anapowasha kompyuta ofisini kwa mara ya kwanza, jambo la mwanzo analofunguliwa ni ile diski ya mtandao ambayo wafanyakazi wote huitumia. Anaibofya. Mbele yake zinajipanga folda za ofisi nzima: Bodi, Mikopo, Uhasibu, Utumishi. Akijaribu kufungua Utumishi, kompyuta inamwambia hana ruhusa. Ofisi nyingi huridhika hapo, kwa kuwa mlango umefungwa na kazi imekwisha.

Kumbe majina yenyewe tayari yamesema mengi. Folda iliyopewa jina la “Wanaopunguzwa Kazi Machi” haihitaji kufunguliwa ili itibue ofisi. Folda yenye jina la mfanyakazi ndani ya folda iitwayo Nidhamu imeshamtangaza mwenzao kabla barua haijasomwa na mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ofisi inayotunza habari za watu kwenye seva ina sababu ya kujiuliza nani anayaona majina hayo, hata kama mafaili yaliyo ndani yamefungwa vizuri.

Seva za Windows zina kitufe cha kuondoa tatizo hilo. Kikiwashwa, kila mtu akifungua diski ya pamoja huona zile folda na mafaili tu anayoruhusiwa kuyasoma. Mhasibu anaona za uhasibu, afisa mikopo anaona za mikopo, na wote wawili wamefungua diski ileile. Kwenye skrini ya msimamizi kitufe hicho kimeandikwa “Enable access-based enumeration”, na kukiwasha hakuchukui hata dakika moja.

Lakini wengi wanaokiwasha hukutana na moja kati ya mambo mawili. Ama hakuna kinachobadilika, na watu wanaendelea kuona kila kitu. Ama folda zinapotea hata kwa wanaozihitaji, na simu ya mtaalamu wa Tehama haipumziki siku nzima. Chanzo cha yote mawili ni kuchanganya maswali matatu ambayo seva huyatazama kila moja kivyake: je, mtu huyu aione folda kwenye orodha? Je, apite ndani yake kwenda mbele? Je, afungue kilichomo?

Orodha inavyochujwa

Uwezo huu haukuanzia Windows. Waliowahi kutumia seva za Novell NetWare miaka ya 1980 na 1990 waliuzoea: kule, folda usiyokuwa na haki nayo hukuiona kabisa. Ofisi zilipohamia Windows ziliupoteza. Microsoft iliuleta mwaka 2005, kwa Windows Server 2003 yenye Service Pack 1, tena kama programu ya kupakuliwa na kusakinishwa pembeni. Kuanzia Windows Server 2008 ukawa sehemu ya mfumo wenyewe.

Namna unavyofanya kazi si ngumu kuielewa. Kompyuta ya karani inapoiomba seva orodha ya vilivyomo ndani ya folda fulani, seva huchukua kitu kimoja baada ya kingine na kulinganisha ruhusa zake na akaunti ya karani yule. Kama akaunti ina ruhusa ya kusoma, jina linaingia kwenye orodha; kama haina, jina linarukwa. Karani hapati ujumbe wowote wa kukataliwa, kwa sababu kwa upande wake kitu hicho hakipo.

Seva hapa inatazama ruhusa zilizoandikwa kwenye folda au faili lenyewe ndani ya diski, yaani zile zinazoonekana kwenye kichupo cha “Security”. Haitazami ruhusa za diski ya pamoja, zile za kichupo cha “Sharing”. Tena uchujaji unamhusu anayeingia kupitia mtandao peke yake. Aliyekaa mbele ya seva na kufungua diski D moja kwa moja huona yote. Na folda ya pamoja yenyewe, ile inayoonekana mtu anapoandika jina la seva, haifichwi na kitufe hiki. Inafichwa kwa njia ya zamani ya kumalizia jina lake na alama ya dola.

Gharama ipo, ingawa ofisi ndogo haitaihisi. Folda yenye vitu mia moja huchujwa bila mtu kujua. Folda yenye maelfu kwa maelfu ya mafaili, ikifunguliwa na watu wengi asubuhi kwa wakati mmoja, huitwisha seva kazi ya kupima kila faili kwa kila mtu, na orodha inaweza kuchelewa kutokea. Kwenye ofisi ya namna hiyo dawa ni kugawa folda kubwa kuwa ndogo ndogo, jambo ambalo lingefaa kufanywa hata bila uchujaji.

Mfano wa ofisi ya Saccos

Tuichukue ofisi ya Saccos ya wastani, ya kubuni lakini yenye sura ambayo wengi wataitambua. Seva inaitwa SVR1. Diski D ina folda iitwayo Pamoja, ambayo wafanyakazi wote wameunganishwa nayo. Ndani yake zipo Bodi, Mikopo, Uhasibu na Utumishi. Ndani ya Utumishi zipo folda tatu: Likizo, Mishahara na Nidhamu. Afisa utumishi anahitaji zote tatu. Mhasibu anahitaji Mishahara peke yake, kwa sababu yeye ndiye anayeandaa malipo ya mwezi.

Mtaalamu anawasha uchujaji. Anatoa ruhusa ya folda ya Bodi kwa kundi la wajumbe, ya Mikopo kwa maafisa mikopo, na kadhalika. Kisha anaingia kwa akaunti ya afisa mikopo kujaribu, na anakuta folda zote nne ziko palepale. Anadhani kitufe hakikushika.

Kitufe kimeshika. Tatizo liko kwenye mizizi ya diski. Windows inapotayarisha diski mpya ya kuhifadhia mafaili, hulipa kundi la Users ruhusa ya kusoma kuanzia juu kabisa ya diski, na ruhusa hiyo inarithiwa na kila folda itakayozaliwa chini yake. Kwenye seva iliyounganishwa na domeni, Users ina maana ya karibu kila mfanyakazi. Kwa hiyo seva ikijiuliza kama afisa mikopo anaruhusiwa kuisoma Utumishi, jibu ni ndiyo, na jina linaonyeshwa kwa haki kabisa. Tena afisa yule hakuishia kuona jina: angebofya, angeingia. Uchujaji umeifichua kasoro iliyokuwapo tangu siku seva ilipofungwa.

Kuigundua ni rahisi. Mtaalamu afungue dirisha la amri kwenye seva, aandike `icacls D:\Pamoja\Utumishi`, kisha aangalie kama kuna mstari unaofanana na huu:

```
BUILTIN\Users:(I)(OI)(CI)(RX)
```

Herufi I iliyoko mwanzo ina maana kwamba ruhusa hii imerithiwa kutoka juu. OI na CI zinasema kwamba itaendelea kurithiwa na mafaili na folda za chini. RX ni kusoma na kupita. Mstari huo ukiwapo, hakuna uchujaji utakaoificha folda hiyo kwa mwenye akaunti ya kawaida.

Dawa yake inawekwa mahali pamoja, kwenye folda ya Pamoja, wala si kwenye kila folda ya ndani. Kwanza urithi kutoka juu ya diski unakatwa, huku ruhusa zilizokuwapo zikinakiliwa ili wasimamizi wasijifungie nje. Halafu kundi la Users linaondolewa. Mwisho, wafanyakazi wote wanapewa ruhusa ya kuisoma folda ya Pamoja yenyewe bila ruhusa hiyo kuteremka kwenye vilivyomo:

```
icacls D:\Pamoja /inheritance:d
icacls D:\Pamoja /remove:g Users
icacls D:\Pamoja /grant "SACCOS\Wafanyakazi:(RX)"
Set-SmbShare -Name Pamoja -FolderEnumerationMode AccessBased
```

Mstari wa tatu ndio wa kuutazama kwa makini. RX imekaa peke yake, bila OI wala CI mbele yake, na kwa sababu hiyo ruhusa inaishia hapohapo. Anayependa kutumia madirisha badala ya amri atalikuta jambo hilohilo kwenye “Advanced”, pale penye maneno “Applies to”, kwa kuchagua “This folder only”. Mstari wa nne ndio unaowasha uchujaji, nao huandikwa kwenye PowerShell.

Baada ya hapo kila idara inapewa folda yake, safari hii kwa ruhusa inayoteremka hadi chini. Kundi la Utumishi, kwa mfano, linapewa `(OI)(CI)(M)` kwenye folda ya Utumishi, ambapo M ni kusoma, kuandika na kufuta. Afisa mikopo akifungua diski sasa, anaiona Mikopo tu.

Folda ya katikati

Anabaki mhasibu. Kundi lake limepewa ruhusa kamili ya Mishahara, lakini akifungua diski ya pamoja anaiona Uhasibu peke yake. Utumishi haipo kwenye orodha yake, kwa sababu hana ruhusa ya kuisoma, na Mishahara imejificha ndani ya Utumishi. Anapiga simu: “Ndugu yangu, umesema umenipa folda ya mishahara, mbona siioni?”

Mtaalamu anamwomba abofye sehemu ya juu ya dirisha na aandike anwani nzima:

```
\\SVR1\Pamoja\Utumishi\Mishahara
```

Anabonyeza Enter, na folda inafunguka. Mhasibu amepita katikati ya folda ambayo hana ruhusa nayo hata kidogo, na seva haikumuuliza.

Hapa ndipo lile swali la pili, la kupita, linapojitokeza. Kwenye orodha ndefu ya ruhusa za Windows iko moja inayoitwa “Traverse folder / execute file”. Kwenye folda, ni ruhusa ya kupita kwenda kwenye kilicho ndani zaidi, hata kama mpitaji haruhusiwi kutazama vilivyo kandokando. Ni kama jirani anayeachwa akatize uani kwako kwenda kisimani bila kukaribishwa ndani. Mtu angetegemea kwamba mhasibu, asiyekuwa na ruhusa hiyo kwenye Utumishi, angezuiliwa.

Hazuiliwi kwa sababu Windows ina haki nyingine, iliyo juu ya ruhusa za folda, iitwayo “Bypass traverse checking”. Mwenye haki hiyo hapimwi kwenye folda za njiani. Anapimwa pale anapofikia tu. Na kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, haki hiyo wamepewa Everyone, yaani watu wote. Mfanyakazi yeyote anaweza kujihakikishia kwa kuandika `whoami /priv` kwenye dirisha la amri: ataiona kwa jina lake la ndani, SeChangeNotifyPrivilege, na mbele yake neno Enabled.

Mpangilio huo una sababu. Kupima ruhusa za kila folda kwenye njia ndefu, kila faili linapofunguliwa, kungepunguza kasi ya mfumo mzima. Haki hiyohiyo ndiyo inayoziwezesha programu kuarifiwa folda inapobadilika. Wapo wasimamizi ambao, kwa nia njema, huiondoa kwa watumiaji wakidhani wanaziba tundu. Wanachopata mara nyingi ni programu zinazogoma bila maelezo. Microsoft yenyewe inahimiza majaribio ya kina kabla ya mtu kuigusa. Kwa ofisi ya kawaida, ushauri wa mwandishi huyu ni kuiacha ilivyo na kuifahamu.

Kwenye Linux mambo ni tofauti, na tofauti hiyo inasaidia kuelewa. Kule, herufi x kwenye folda ndiyo ruhusa ya kupita, na hupimwa kila mara kwa watumiaji wa kawaida. Folda iliyowekewa `chmod 711` humruhusu mgeni kupita kwenda kwenye faili analolijua jina lake, lakini akiandika `ls` kutaka orodha anakataliwa. Ikiondolewa x kwenye folda moja tu ya njiani, kila kilicho chini yake kinakatika kwake, hata kama faili lenyewe linaruhusu kusomwa. Kwenye Windows, ukiondoa Traverse pekee hutaona badiliko lolote, maadamu ile haki ya Everyone ingalipo.

Basi mhasibu asaidiweje? Kumtumia njia ya mkato kwenda Mishahara kunafanya kazi, na ofisi nyingi huishia hapo. Lakini njia za mkato hupotea, kompyuta hubadilishwa, na mhasibu wa zamu hana. Ni bora Utumishi ionekane kwake, huku Likizo na Nidhamu zikibaki zimefichika. Kumpa Traverse pekee hakutoshi: kwa kuwa uchujaji unauliza habari za kusoma, folda yenye Traverse bila ruhusa ya kusoma orodha haionyeshwi.

Anachohitaji ni ruhusa ya kusoma na kupita kwenye Utumishi, iishie hapohapo. Kwenye dirisha la ruhusa za juu ni kuweka alama kwenye “Traverse folder / execute file”, “List folder / read data”, “Read attributes”, “Read extended attributes” na “Read permissions”, huku “Applies to” ikiwa “This folder only”. Kwa amri, zote tano zimo ndani ya RX:

```
icacls D:\Pamoja\Utumishi /grant "SACCOS\Utumishi-Pita:(RX)"
```

Utumishi-Pita ni kundi jipya ambalo halina kazi nyingine zaidi ya kuonyesha njia. Ndani yake anawekwa, badala ya mhasibu mwenyewe, lile kundi zima lenye ruhusa ya Mishahara. Kwa hiyo siku mhasibu mwingine akiajiriwa anaingizwa kwenye kundi moja, na njia inamfungukia yenyewe. Akiondoka, anatolewa kwenye kundi hilohilo, na njia inafungika. Wasimamizi wanaomwandika mtu mmoja mmoja kwenye kila folda ya njiani huishia na seva ambayo baada ya miaka mitatu hakuna anayeweza kusema nani anaona nini.

Mhasibu akifungua diski sasa anaona Uhasibu na Utumishi. Akiingia Utumishi, anakuta Mishahara peke yake. Hata barua au jedwali ambalo afisa utumishi aliliacha likielea ndani ya Utumishi, nje ya zile folda tatu, halionekani kwake, kwa kuwa ruhusa yake haikuteremka.

Kabla ya kumpigia kuwa tayari, kuna hatua inayosahauliwa mno. Windows hukusanya orodha ya makundi ya mtu pale anapoingia kwenye kompyuta. Mhasibu aliyeingia saa mbili asubuhi, kisha akaongezwa kwenye kundi saa nne, ataendelea kuonekana kama hayumo. Ni lazima atoke kwenye akaunti yake na kuingia tena; kufunga na kufungua lile dirisha la folda hakusaidii. Mara nyingi msimamizi aliyeshinda akikagua ruhusa zilizo sahihi kabisa alikuwa anasubiri hilo tu.

Kilichofichwa hakijafungwa

Wepesi wa mhasibu kupita Utumishi kabla hata ya kuonyeshwa una upande wake mchungu, na huo ndio unaostahili kumkosesha usingizi mwenye seva.

Tuseme afisa utumishi anachanganua barua za onyo kwa mashine ya ofisini, na mashine inatakiwa kuzihifadhi kwenye folda ya Barua, ndani ya Nidhamu. Mashine inagoma kuandika. Fundi aliyekuja kuitengeneza, akiwa na haraka, anaipa folda ya Barua ruhusa ya Everyone. Mashine inafanya kazi, kila mtu anafurahi. Afisa mikopo akifungua diski bado haoni Utumishi, haoni Nidhamu, wala Barua. Kwa macho, kila kitu kimefichwa.

Siku moja afisa utumishi anambandikia meneja anwani ya barua kwenye barua pepe, na barua pepe hiyo inasambazwa mbele zaidi ya ilivyokusudiwa. Yeyote atakayebofya anwani ile atasoma. Folda za juu hazimzuii, kwa kuwa hapimwi njiani. Anapimwa kwenye Barua, na Barua inamruhusu. Uchujaji haukuwa na nafasi ya kumzuia, kwa sababu hakuomba orodha. Aliomba faili kwa jina lake.

Ndiyo maana ukaguzi wa seva hauwezi kufanywa kwa kuangalia macho ya watumiaji yanaona nini. Unafanywa kwa kuzisoma ruhusa zenyewe hadi chini kabisa. Amri hii hupita folda zote za Pamoja na kutaja kila mahali ambapo Everyone wameandikwa waziwazi:

```
icacls D:\Pamoja /findsid Everyone /t /c
```

Inafaa irudiwe kwa Users na kwa Authenticated Users, kwa sababu kwa ofisi ndogo makundi hayo yote matatu yana maana karibu moja. Kila folda itakayotajwa ihojiwe: nani aliweka, na kwa kazi gani? Ile mashine ya kuchanganua ingepewa akaunti yake yenyewe na ruhusa ya folda moja, na mambo yangeishia hapo.

Kuhusu ruhusa za diski ya pamoja kwenye kichupo cha “Sharing”, ni vyema wafanyakazi wakapewa Change badala ya Full Control. Tofauti yake ni kwamba mwenye Change hawezi kubadilisha ruhusa za folda akiwa anaingia kupitia mtandao, hata kama folda ni yake aliyoiunda mwenyewe. Hilo linazuia ruhusa kugawiwa kienyeji, mtu kwa rafiki yake.

Malalamiko mapya

Uchujaji ukishashika, sura ya malalamiko inabadilika. Zamani mtu alisema, “Kompyuta imenikatalia,” na hapo ulijua pa kuanzia. Sasa anasema, “Faili limepotea.” Mtaalamu anapaswa kujifunza kusikia ruhusa ndani ya neno hilo.

Kisa cha kawaida ni cha faili lililohamishwa. Afisa utumishi anaandika tangazo la sikukuu ndani ya folda ya Likizo, kisha analiburuta hadi kwenye folda ambayo ofisi nzima huitumia kwa matangazo. Yeye analiona pale. Wenzake hawalioni. Faili linapohamishwa ndani ya diski ileile hubeba ruhusa lilizokuwa nazo kule lilikotoka, na ruhusa hizo zinawajua watu wa Utumishi tu. Angelinakili badala ya kulihamisha, nakala ingezaliwa na ruhusa za folda mpya na wote wangeliona. Kwa lililokwisha kuhamishwa, msimamizi hulirudishia ruhusa za mahali lilipo kwa amri ya `icacls` yenye `/reset` mwishoni.

Kisa kingine humshangaza mtumiaji zaidi. Mtu mwenye ruhusa ya kuunda folda anajaribu kuunda moja iitwayo Mikutano, na seva inamkatalia, ilhali kwenye orodha yake hakuna jina kama hilo. Ipo, ni ya wengine, na imefichwa kwake. Diski haiwezi kuwa na folda mbili za jina moja mahali pamoja, kwa hiyo seva inalazimika kumkatalia, na kwa kumkatalia imemjulisha kwamba ipo. Asiyetaka hata hilo lijulikane asichanganye folda za siri na zile ambazo watu wengi wanaruhusiwa kuunda vitu.

Majaribio nayo yana mtego wake. Msimamizi akijaribu kwa akaunti yake mwenyewe ataona folda zote, na anaweza kuamini kwamba uchujaji umekufa. Ajaribu kwa akaunti ya kawaida, kutoka kompyuta nyingine, kwa njia ya mtandao. Akiwa hana akaunti ya majaribio, kichupo cha “Effective Access” kwenye ruhusa za juu za folda kinampa nafasi ya kuandika jina la mtu na kuoneshwa ruhusa alizonazo pale, moja baada ya nyingine. Kama mstari wa “List folder / read data” una alama nyekundu, mtu huyo haioni folda.

Ofisi zisizo na Windows Server hazijaachwa nyuma. Samba, programu inayoiwezesha Linux kugawa mafaili kwa kompyuta za Windows, ina mstari mmoja wa kuongeza kwenye faili la `smb.conf`, chini ya folda ya pamoja inayohusika:

```
[pamoja]
   path = /srv/pamoja
   hide unreadable = yes
```

Waandishi wa Samba wanatoa tahadhari ileile ya kasi kwa folda kubwa. Vile visanduku vya kuhifadhia mafaili vya Synology, ambavyo ofisi nyingi ndogo hununua badala ya seva, navyo vina kitufe cha kuficha folda za ndani kwa wasio na ruhusa, kwenye mipangilio ya kila folda ya pamoja. Na mashirika makubwa yanayounganisha seva kadhaa kwa DFS, ili mtumiaji aone mti mmoja wa folda, yanapaswa kujua kwamba mti huo una uchujaji wake, unaowashwa kivyake. Folda inaweza kufichwa vizuri kwenye seva yake na jina lake likaendelea kuonekana kwenye mti kwa kila mtu, mpaka uchujaji wa mti nao uwashwe na ruhusa za kuona ziwekwe pale pia.